Tundu la Tano

Taro ikivunjika hutoa sauti ndogo sana, tiki, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Kabla sauti haijafika masikioni, mikono imeshajua. Ile turnagoshi uliyokuwa ukiisukuma kwa nguvu inaachia ghafla na kuzunguka bure, nawe unabaki umeinama juu ya chuma, umeshika nusu ya chombo. Nusu ya pili iko ndani ya tundu, na haina mpango wa kutoka.

Ilinipata mwaka 2004, Kampemba, katika karakana ya mabati upande wa Bel-Air. Papa aliyenifundisha kazi alikuwa ajisteri, fundi wa kusawazisha na kufunga vyuma kwa mkono, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa Gécamines. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na baadhi yao walirudi mitaani na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, yaani mikono iliyojua kazi. Papa alifungua karakana. Alikuwa na eto moja kubwa iliyofungwa kwenye meza ya mbao za reli, mashine moja ya kutobolea, na sanduku la taro lililofungwa kwa kitambaa chenye mafuta, ambalo mimi sikuruhusiwa kuligusa.

Taro niliyoivunja haikutoka kwenye sanduku hilo. Ilikuwa ya karakana, ya kila mtu, na labda ndiyo sababu nilijipa ujasiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi. Rulema ya mashine ilikuwa imekufa, na ilipokufa ilikwenda na mahali pake pa kukaa. Papa aliamua kutengeneza bamba jipya la chuma cha unene wa milimita 20 na kifuniko chake, vikutane kwa bulo nne za 8. Kwenye kifuniko bulo zingepita tu. Kwenye bamba ilibidi zishike, kwa hiyo matundu manne ya bamba yalihitaji kukatwa hesi kwa ndani. Papa alipima, akatia alama nne kwa msumari mgumu, akaniambia nitoboe na kukata, kisha akaenda kutafuta rulema mjini.

Kwenye sanduku la meshi kulikuwa na 6, 6.5, 7, 7.5 na kuendelea, kila moja ikizidi mwenzake kwa nusu milimita, kama zinavyouzwa mpaka leo. Nilichukua 6.5. Niliwaza hivi: hesi hukatwa kwenye chuma, basi kadiri ninavyoacha chuma kingi zaidi ndivyo hesi itakavyokuwa nene na bulo itakavyoshika vizuri. Isitoshe, nilishawahi kumsikia fundi mmoja wa mtaani akisema bulo ya 8 hutobolewa 6.5. Nikatoboa manne. Tundu la kwanza nikalikata kwa jasho, la pili kwa jasho zaidi. La tatu, nilipofika katikati, tiki.

Papa aliporudi hakuuliza nani. Alichukua kile kipande nilichobaki nacho, akakipeleka mlangoni penye mwanga na kukitazama pale kilipokatikia. Kisha akaniita, akatoa chaki mbili mfukoni, zile anazotumia kuchora kwenye bamba.

"Kunja hii," akasema. Nikaikunja, ikavunjika, na uso wa mvunjiko ukawa umenyooka kama umekatwa kwa kisu.

"Sasa hii sokota. Usikunje, sokota tu, kama unakamua nguo."

Nikaisokota. Ikavunjika kwa mshazari, mvunjiko ukipanda kuizunguka chaki kama ngazi ya mnara. Papa akaweka taro yangu kando ya chaki ile. Mvunjiko wake ulipanda vilevile.

"Haukuikunja," akasema. "Mikono yako ilikuwa sawa. Taro ilisokotwa mpaka ikachoka. Njo kusema tundu liliikaba." Kisha akachukua meshi ya 6.5, akaisukuma kwa upande wa shina ndani ya tundu la nne, lile ambalo nilikuwa bado sijalikata. Ikaingia bila nafasi. "Unaona? Taro haikuvunjika saa ile ulisikia. Ilivunjika asubuhi, wakati ulichagua meshi."

Nimeitazama mivunjiko mingi tangu siku ile, na si yote inayosema wazi kama ile ya kwanza, kwa sababu taro ina mifereji na chuma hupenda kupasuka kufuata mifereji. Lakini mara nyingi inasema. Mvunjiko ulionyooka unamtuhumu aliyeshika: taro iliingia imeinama, au mkono mmoja ulisukuma kuliko mwenzake. Mvunjiko wa mshazari unaituhumu kazi: tundu dogo, maganda yamejaa, taro butu, au taro imefika mwisho na mtu bado anasukuma. Ni vizuri kujua ni kosa gani kabla ya kununua taro nyingine.

Sasa nieleze kwa nini 6.5 ilikuwa kosa, maana hesabu yangu ilionekana ya akili.

Bulo ya 8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, yaani ukiizungusha mara moja inaingia kwa kiasi hicho. Ili kupata tundu, fundi huchukua upana wa bulo na kutoa hatua: 8 kutoa 1.25 ni 6.75, ndiyo maana vitabu vinaandika meshi ya 6.8. Tundu la namna hiyo halitoi hesi kamili. Tukisema hesi iliyojaa kabisa ni mia, la 6.8 linatoa kama 74. Watu wengi huona hapo ndipo udhaifu unapoanzia, wakashuka chini. Lile la 6.5 linatoa kama 92, na mtu anafurahi.

Tatizo ni kwamba taro haikati tu. Inasukuma pia. Meno yanapopita, chuma laini kinajikunja na kupanda kidogo kwenye mabonde yaliyo kati ya meno, kama udongo wa matofali unavyopanda kati ya vidole ukiufinyanga. Tundu la 6.8 linaacha nafasi ya kupanda huko. Tundu la 6.5 linakaribia kulingana na upana wa taro yenyewe pale kwenye mabonde, kwa hiyo chuma kikipanda hakina pa kwenda. Kinaibana taro mwili mzima, kila jino linakuwa breki, na nguvu uliyodhani inakata inaishia kwenye kubanwa. Na ule ushikaji wa ziada niliokuwa nautafuta hauna kazi. Ndani ya chuma cha milimita 20 bulo ya 8 ina mizunguko 16 ya kushika. Ukiikaza kupita kiasi itakatika bulo yenyewe kabla hesi haijang'oka, hata kama hesi ni 74, hata 62.

Hiyo 62 ndiyo ya meshi ya 7. Papa hakuwa na 6.8. Katika masanduku yale ya nusu nusu haimo, na ulipaswa kuitafuta peke yake. Swali la kweli katika karakana kama ile lilikuwa hili: ukikosa 6.8, unashuka 6.5 au unapanda 7? Kila mwanafunzi niliyemuuliza tangu wakati huo amejibu 6.5. Kwenye chuma nene, panda. Kwa bulo ya 12, ambayo kitabu kinataka 10.2, chukua 10.5 na uache 10. Bulo ya 6 na ya 10 hazina ugomvi, kwa sababu 5 na 8.5 zimo sandukuni. Mahali ambapo sipandi ni kwenye bamba jembamba, la milimita 4 au 5, au kwenye alumini. Huko mizunguko ni michache au chuma ni dhaifu, na kila sehemu ya hesi inahesabika. Huko natafuta 6.8 hata kama ni kesho.

Na yule fundi wa mtaani? Hakudanganya. Miaka baadaye nilielewa alikuwa akizungumzia bulo nyingine kabisa. Reli ilifika mji huu mwaka 1910 ikitokea Rodesia, na pamoja nayo vilikuja vyuma vya Waingereza vyenye hesi ya Whitworth, yule aliyependekeza kipimo kimoja cha hesi mwaka 1841. Bulo yao ya sehemu tano ya kumi na sita ya inchi ina upana wa milimita 7.94. Ukiitazama kwa macho utaiita ya 8. Lakini ina mizunguko 18 kwa inchi, hatua kama milimita 1.41, na tundu lake ni 6.5. Bulo hiyo ukiiingiza kwenye hesi ya 8 inakwenda mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaba. Mimi nilichukua namba ya ukoo mmoja nikampa mtoto wa ukoo mwingine.

Turudi mezani. Papa alitafuta kipande kilichobaki cha bamba lilelile, akakibana kwenye eto, akatoboa matundu mawili kando kando, 6.5 na 7. Halafu akafungua sanduku lake. Akatoa taro tatu za 8 na kuzipanga juu ya kitambaa. Shingoni mwa ya kwanza kulikuwa na mchoro mmoja unaozunguka, ya pili michoro miwili, ya tatu haikuwa na kitu. Hiyo ni namba moja, mbili na tatu. Namba moja ina ncha iliyochongoka kwa meno mengi, na ni nyembamba kidogo kuliko 8 halisi. Inafanya zaidi ya nusu ya kazi. Namba mbili inapanua, namba tatu inamaliza. Kuna seti nyingine ambazo zote tatu zina upana uleule na zinatofautiana kwa ncha tu, na katika tundu linalotoboka upande wa pili unaweza kumaliza na ya kwanza peke yake. Lakini zile zenye michoro hazisamehi. Ukiishia namba moja bulo haiingii. Ukianza na namba tatu umeipa kazi ya watu watatu.

Akachagua turnagoshi ndogo, isiyozidi urefu wa kiganja na nusu. Mimi nilikuwa nimetumia ile ndefu, iliyokuwa imezoea bulo za 20, kwa sababu ilinirahisishia. "Ile ndefu inakudanganya," alisema. Nilielewa baadaye. Mkono mrefu unakupa nguvu kubwa kuliko taro ya 8 inavyoweza kubeba, na unakunyima habari. Kwa mkono mfupi unausikia uzito mapema, kabla taro haijavunjika.

"Funga macho. Kata hii," akaniwekea mikono kwenye tundu la 6.5.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikwenda. Wa tatu ukawa mzito. "Sasa legeza, usiachilie. Legeza tu vidole." Nikalegeza, na turnagoshi ikarudi nyuma yenyewe, kidogo sana, labda upana wa ukucha. Nikafungua macho. Papa akanitazama kuona kama nimeisikia. Akaniambia nisukume tena, nilegeze tena. Ikarudi tena, kama tawi la mti linalovutwa na kuachiwa. Ile ilikuwa taro ikijisokota. Ncha ilikuwa imesimama ndani ya chuma, na shingo ilikuwa ikizunguka juu yake. Chuma kile kigumu kina kiasi kidogo cha kujisokota, na kikizidi hakionyi tena.

Kisha tundu la 7. Mizunguko mitatu, minne, mitano. Nilipolegeza vidole turnagoshi ilikaa palepale.

Siwezi kusema jambo hili kwa maneno bora kuliko hayo. Mpaka leo, nikikata hesi, kila baada ya muda nalegeza vidole. Ikikaa, naendelea. Ikirudi, kuna kitu, nami nasimama nitafute ni nini kabla ya kuongeza nguvu.

Baada ya jaribio lile, kabla ya kurudi kwenye bamba la mama, Papa alikata tundu jingine kwenye kipande kilekile, mbele yangu tangu mwanzo. Kwanza alipanua mdomo wa tundu kwa meshi nene, akaacha mteremko mdogo uliozidi upana wa taro kwa nywele tu. Bila hivyo meno ya kwanza hayana pa kukaa, na chuma hupanda juu kikafanya ukingo. Kisha akasimamisha namba moja mdomoni, akashika turnagoshi katikati kwa mkono mmoja, kiganja juu, akabonyeza na kuzungusha kwa pamoja. Mzunguko mmoja na nusu. Akatoa turnagoshi, taro ikabaki imesimama peke yake. Hapo akaleta ekeri, ile pembe ya chuma, akaiweka ubavuni mwa taro. Akatazama mwanga kati ya viwili hivyo, akazungusha ekeri robo duara, akatazama tena. Upande wa pili kulikuwa na mwanga mwembamba juu. Akarudisha turnagoshi, na katika nusu mzunguko uliofuata alibonyeza kidogo zaidi upande mmoja. Akapima tena. Mwanga ukaisha.

Kunyoosha kunawezekana katika mizunguko miwili ya mwanzo tu. Baada ya hapo taro inafuata njia yake yenyewe, na ukijaribu kuinyoosha unaikunja. Asiye na ekeri anaweza kuvalisha ekru ya 8 kwenye taro na kuikandamiza iwe bapa juu ya chuma. Ekru yenyewe inaisimamisha. Njia nyingine ninayoipenda, umeme ukiwa umekatika, ni kuibana taro kwenye mashine ya kutobolea, palepale bamba lilipotobolewa bila kulisogeza, na kuzungusha kichwa cha mashine kwa mkono mizunguko miwili. Umeme usipokatika, chomoa waya ukutani kwanza. Mtu akiwasha mashine wakati taro imo tunduni, hutakuwa na muda wa kumlaumu.

Baada ya kunyooka, mkono haubonyezi tena. Meno yanajivuta yenyewe, na mikono miwili inazungusha kwa usawa. Papa alikwenda mbele nusu mzunguko, akarudi nyuma robo. Kila aliporudi nilisikia mguso mdogo, kama kukatika kwa uzi: ganda la chuma lilikuwa linavunjika mgongoni mwa jino. Usiporudi, ganda linaendelea kuwa refu, linajikunja mferejini, mfereji unajaa. Kutoka hapo taro haina tena pa kuweka inachokata. Mimi nilikuwa nimerudi katika tundu langu la kwanza. Kwa la pili nilirudi mara chache. La tatu nilikuwa na haraka.

Mafuta yalikuwa ya nguruwe, yamegandia kwenye kopo la maziwa ya unga, na aliyapaka kwa kijiti. Mafuta ya mota aliyadharau. Alisema yametengenezwa ili chuma kiteleze juu ya chuma, ilhali hapa tunataka kimoja kimuume mwenzake. Kwa chuma cha kuyeyushwa, kile chenye vumbi jeusi, hakutia kitu, kwa sababu kina ulaini wake ndani na mafuta huligeuza vumbi kuwa uji unaoziba. Kwa alumini alitumia mafuta ya taa. Shaba nyekundu ndiyo iliyomkera. Katika mji uliojengwa juu ya shaba ungedhani ni chuma rafiki, lakini ni laini na inanata, inaishika taro kama ugali wa moto unavyoshika mwiko. Huko alirudi nyuma karibu kila robo, na kila mizunguko mitatu aliitoa taro nje kabisa na kuisafisha.

Kwenye bamba la mama, matundu mawili niliyokwisha kuyapitishia namba moja ya karakana aliyapanua kwa meshi ya 7, polepole, akiishika kwa mkono isije ikala pembeni. Halafu namba mbili, halafu tatu. La nne nalo likapanuliwa kuwa 7, nikalikata mimi mwenyewe.

Lile la tatu ndilo lililobaki na mgeni. Papa alijaribu kuingiza misumari myembamba migumu kwenye mifereji ya kipande kilichovunjika ili akizungushe nyuma. Kikacheza kidogo, misumari ikapinda. Kama kipande kingekuwa kimetokeza juu, angeunganisha ekru juu yake kwa kuchomelea, angoje ipoe, na aizungushe kwa ufunguo. Nimefanya hivyo mara kadhaa na nusu ya nyakati hufaulu. Lakini chetu kilikuwa kimezama, na moto ungekishikisha na ukuta. Unaweza kukivunjavunja kwa nyundo na msumari mgumu, kwa sababu taro ni ngumu lakini hupasuka kama kioo. Vipande huruka kama kioo pia, na nimemwona mtu akipoteza siku mbili hospitali kwa sababu ya jicho. Ingekuwa alumini, tungechemsha kitu chote kwenye maji yenye shabu nyingi, ile ya dukani, nayo ingekula taro taratibu na kuiacha alumini. Kwa chuma ndani ya chuma, shabu ingekula vyote. Papa akaweka nyundo chini. Kifuniko kilikuwa hakijatobolewa, akasogeza tundu la tatu milimita 20 pembeni na kulianza upya.

Nimevunja taro tena baada ya hapo, nisijifanye. Moja ilivunjika katika tundu lisilotoboka upande wa pili, na sababu ilikuwa ya kijinga. Nilihitaji hesi ya milimita 15, nikatoboa 15. Ncha ya taro ina meno yaliyochongoka ambayo hayakati hesi kamili, na maganda yote yanaanguka chini, hayana mlango wa kutokea. Sasa kwa bulo ya 8 naongeza angalau milimita 7 za tundu tupu, natia alama ya rangi kwenye taro pale inapopaswa kusimama, na kila mizunguko minne naitoa, nageuza kazi kichwa chini na kuipiga kidogo.

Nyingine ilivunjika mara tu ilipogusa. Kijana alileta kipande kinene kutoka kwenye jalala la vyuma, kizuri, kizito, akitaka kukigeuza kuwa guu la mashine. Meshi ilitoboa milimita mbili, ikalia na kukataa. Ilikuwa sehemu ya taya ya mashine ya kupondea mawe ya migodini, chuma chenye manganizi kama asilimia 12. Kile hujifanya kigumu zaidi kadiri unavyokisugua. Kila pigo la jiwe, na kila mzunguko wa meshi, hukikomaza. Nilipaswa kusimama pale meshi ilipolia. Nikabadilisha meshi, nikalazimisha, nikapata tundu lenye ngozi ngumu ambayo taro haikuiweza. Kazi hiyo haina njia kwa mkono. Toboa kwa moto au tafuta chuma kingine. Hata chuma cha kawaida hufanya kidogo cha hayo ukikitoboa kwa meshi butu, ukuta wa tundu ukang'aa kama kioo na taro ya baadaye ikalipa deni la meshi.

Yule mama alikuja Jumamosi na kijana wa kumbebea. Papa alikuwa ameshafunga kila kitu: rulema, kifuniko, bulo nne zimekaa. Zilikazwa, na kila moja ilikwenda kwa vidole mpaka karibu na mwisho, jambo ambalo nilikuwa nalitazama mimi peke yangu. Mama hakutazama bulo. Aliinama, akapitisha kidole kwenye bamba, akahesabu kwa sauti, akasimama kwenye lile tundu lenye chuma cheusi kilichong'aa ndani yake.

"Papa, hapa matundu ni tano. Minalipa ya ngapi?"

Papa alikuwa anafunga sanduku lake kwa kitambaa.

"Ine tu, mama," akasema. "Ine tu."